Barua ya Soketi za Walubengo

Mume wangu Mburu haogopi mtu Eldoret nzima, ila karatasi. Hajui kusoma. Karatasi ndiyo iliyomtoa kwenye shamba la kaburu, yeye na mama yake na kuku wao, na hata baada ya uhuru, tumeshanunua nyumba yetu ya mbao kutoka kwa Mhindi aliyehama, bahasha ikifika huiangalia kama nyoka. Mimi, Wahu, anayeniita Mama Kiarie kwa jina la mtoto wetu, ndiye macho yake.

Barua hii ilitoka kwa Walubengo, mpangaji wa chumba cha mbele anayechaji betri za trekta na lori za wakulima wa Moiben. Alikuwa amemwambia Mburu kwa mdomo mara nne, na mara nne akajibiwa kesho. Akaona barua ndiyo heshima. Maskini, angejua.

Nilisoma kwa sauti: "Mzee Mburu, salamu. Soketi mbili za ukutani hutoa cheche kila nikichomeka chaja, na moja imekuwa nyeusi. Betri ikichajiwa hutoa gesi, na cheche inaweza kuiwasha ilipuke. Naomba ulete fundi wa stima mwenye leseni. Mimi sitagusa waya kwa kuwa nyumba ni yako. Nakala nimeiweka."

Hapo kwenye nakala Mburu aliweka kikombe chini. Mtu anayeweka nakala, alisema, anajiandaa kwenda kortini. Na kama shida ni cheche, si achomeke chaja kwanza, ndipo afunge vibano vya chaja kwenye betri?

Nilimpelekea Walubengo ushauri huo. Hakucheka. Aliniambia akifanya hivyo cheche itatokea penye betri, mahali gesi inapotoka, na asidi itamrukia machoni. Ndiyo maana hufunga vibano kwanza na plagi huwa ya mwisho. Lakini soketi za Mhindi hazina swichi, na vyuma vyake vya ndani vimelegea na kuungua. Alichomeka nione. Cheche iliruka ikilia, na harufu ya kuungua ikanipanda puani. Upande wa pili wa ukuta huo ndiko tunakolala. Niliogopa, nasema wazi.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mburu husema ukuta bado umesimama. Nilimweleza yote, mara mbili, nikizunguka jikoni na mwiko mkononi, nikashindwa hata kuketi. Alinisikiliza, kisha akaniambia nilete kalamu.

"Mama Kiarie, andika. Walubengo ahame mwisho wa mwezi."

Niliinama nikaandika. Lakini maneno yalikuwa yangu: kwamba Mzee Mburu amepata barua, anaomba msamaha kwa kuchelewa, asichomeke kitu tena kwenye soketi hizo, na fundi wa stima, Stephen, atafika Jumatatu. Mburu aliuliza kama nimemaliza. Akatia dole gumba kwenye wino, akalibandika chini ya msamaha ambao hakuuomba.

Nilichagua Jumatatu kwa kuwa Mburu alipaswa kuwa Moiben, shamba la kampuni yao ya kununua ardhi likipimwa. Lori halikuja kumchukua. Tangu alfajiri nilifagia ua uleule mara tatu. Stephen, niliyemwita mimi, alipoingia na mfuko wake wa vyuma, Mburu alimfuata chumba cha mbele kumuuliza ni nani aliyemwita, nami nikafuata nyuma.

Stephen alikuwa ameshazima swichi kubwa. Alifungua soketi ya kwanza. Mpira wa waya ulimomonyoka vidoleni mwake, na ubao nyuma yake ulikuwa mkaa. Mburu aliusukuma kwa kidole. Kidole kikapenya, kikatokea juu ya kitanda chetu.

Alimwachia Stephen aweke waya mpya na soketi zenye swichi, akamshikia hata ngazi. Walubengo, mtu muungwana, akamshukuru mbele yetu kwa barua nzuri ya msamaha, akaitoa mfukoni. Mburu aliiomba, akanipa.

"Soma."

Niliisoma ilivyo, neno kwa neno. Alikuwa akitazama alama ya dole lake.

"Umetuokoa," alisema. Kisha, polepole: "Na barua ngapi zingine, Mama Kiarie?"

Nilimwambia hakuna. Na ni kweli, Mungu anajua, hakuna. Aliitikia kwa kichwa, akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwake. Iliniuma kuliko kama angenipiga.

Chaja za Walubengo sasa huchomekwa kimya. Mburu naye, karatasi ikifika nyumbani, huichukua bila kunionyesha, akavaa kofia na kwenda nayo kanisani, karani amsomee.