Sahihi ya Driss kwenye Mkono wa Kalombo

Mwaka ule ambao askari wa Moroko walikaa Kolwezi baada ya waasi kuvamia jimbo mara ya pili, Kalombo, fundi wa magari wa Musonoi, aliamua kuandika mapenzi yake mahali ambapo mvua haiwezi kuyafuta. Alimpenda Mwamini, binti wa Tata Abedi, mfanyabiashara wa vitambaa pale Manika. Tata Abedi hakuwa amekataa. Alisema tu kwamba kijana wa Kikasai akitaka binti yake ataingia msikitini kwanza, kisha alete wajomba zake, na jibu atalitoa siku hiyo. Kalombo alikubali yote mawili. Lakini alikuwa mtu wa moto, na kukubali kwa mdomo tu kulimtia haya. Alitaka kuonyesha kwamba damu yake ilikuwa imeshahama.

Ndipo alipowaza maandishi ya Kiarabu.

Mtu aliyeweza kumwandikia alikuwa karibu: Tata Abedi mwenyewe, aliyesoma madrasa kule Kasongo tangu utoto na kukielewa Kiarabu vizuri. Lakini utamwendeaje baba wa msichana na kumwambia, tafadhali nitafsirie maneno ya mapenzi kwa mtoto wako? Kalombo alimwendea Driss, askari wa Moroko aliyekuwa akileta lori la jeshi kutengenezwa breki. Wakaongea Kifaransa. Kalombo alitaka maneno haya tu: Mwamini, moyo wangu ni wako peke yako.

Driss alikuwa mtu wa adabu. Hakuuliza maneno yanakwenda wapi. Alifuta mikono, akakaa kwenye tairi, akaandika kwenye karatasi nyepesi taratibu kama mtu anayeandikia wazazi, mistari mitatu. Alipomaliza alipeana mkono na Kalombo, akaondoka na breki zake. Wiki ile ile kikosi chake kilirudishwa kwao.

Kalombo aliihesabu ile mistari. Maneno yake machache ya Kifaransa yalikuwa yamezaa mistari mitatu, na jambo hilo lilimfurahisha. Aliona kwamba lugha ile haifanyi ubahili.

Mchoraji alikuwa Numbi, ambaye alichora tatuu nyumbani kwake kule Musonoi: majina ya wake, nanga kwa watu ambao hawajawahi kuona bahari, na mara moja uso wa mbwa. Numbi alikuwa na heshima ya kazi. Aliishika karatasi kwenye dirisha ili mwanga upite, akayafuata maandishi kwa nyuma kwa kalamu ile ya zambarau inayotoka rangi ikilowa.

"Mbona unaandika nyuma, yaya?" Kalombo aliuliza, akimwita kaka mkubwa.

"Kwa sababu ngozi inageuza. Mi nikikugandamiza mbele, jina linatoka kinyumenyume. Kuna mtu wa Mutshatsha alitembea na mke wake kinyumenyume mwaka muzima, kabla ya kujiangalia kwa kioo."

Alilowesha mkono wa Kalombo kwa maji ya sabuni, akagandamiza karatasi, akaibandua. Mistari mitatu ilikaa pale, ya zambarau, imenyooka sawasawa.

"Iko mingi," Numbi alisema. "Una hakika ni yote?"

"Ni yote. Aliandika yeye mwenyewe, ni lugha yake."

"Na hii nukta pembeni? Ni wino ama ni inzi?"

Kalombo aliitazama kwa muda. "Tia."

Numbi alifunga sindano tatu kwenye kijiti kwa uzi, akazichovya kwenye masizi ya taa yaliyochanganywa na maji, akaanza kudonoa. Ilichukua mchana wote. Hakuna nukta aliyoiacha. Mstari wa mwisho ulikuwa na mkia mrefu uliojizungusha mara mbili, na Numbi aliufuata bila kuinua mkono, kisha akauangalia kwa furaha ya fundi. Alimwambia Kalombo asikune magamba wala asiingie mtoni mpaka kidonda kikauke. Kwa siku kumi Kalombo alivaa mikono mirefu na kufanya kazi kwa mkono mmoja na nusu.

Ijumaa aliingia msikitini kama alivyoahidi, na Jumapili ya jibu alifika Manika na wajomba wawili. Tata Abedi aliwakaribisha kwenye sebule nyuma ya duka. Mwamini alileta chai, akabaki mlangoni, maana yaliyokuwa yakisemwa yalikuwa yake.

"Kabla hujajibu, tata," Kalombo alisema, "nina kitu cha kuonyesha." Akakunja mkono wa shati.

Tata Abedi aliweka kikombe chini. Alivaa miwani, akaushika mkono ule kwa vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa, akaanza kusoma kutoka kulia. Alisoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Kwenye wa tatu alikaa sana.

"Ulijua nini kimeandikwa hapa?"

"Mwamini, moyo wangu ni wako peke yako."

"Hiyo ni ya katikati. Juu imeandikwa jina la Mungu, maana kwa watu wetu karatasi yoyote inaanza na jina la Mungu. Umelitembeza wapi, mwana?"

Kalombo alifikiri juu ya siku kumi zilizopita, baa ya Musonoi ikiwemo, na choo cha karakana.

"Na kwetu kuchora ngozi imekatazwa. Lakini ulichora mbele ya kuingia dini, hiyo Mungu anaweza kusamehe. Mi niko nauliza juu ya mstari wa chini." Akagusa mkia uliojizungusha mara mbili. "Driss ni nani?"

Mjomba mmoja alikohoa.

"Ni askari aliyeniandikia."

"Hapa inasema: Ameandika Driss mwana wa Hamid, mtu wa Meknes. Na tarehe. Hii nukta haina maana."

"Alitafsiri tu, tata. Maneno ni yangu."

"Mi ni mutu wa biashara. Barua ni ya yule alitia sahihi. Kama Driss anamwambia mtoto wangu moyo wake ni wa huyu peke yake, mi nitamjibu Driss. Wewe ni bahasha."

Kalombo alisikia damu ikimpanda kichwani. Alikuwa na maneno makali tayari, lakini yalimfikia kwa zamu, na kila moja alipolitazama aliona lingemgeukia. Driss alikuwa ng'ambo ya jangwa. Hakuna mtu wa kumtolea ushahidi.

"Kalombo." Mwamini aliongea kutoka mlangoni. "Ungemuuliza tata."

"Ningemuulizaje?"

"Ungeona haya nusu saa. Sasa utaona haya mpaka uzee." Hakuwa amekasirika, na hilo lilimuuma zaidi. "Tena mi mwenyewe siwezi kusoma hiyo. Mi nilisoma kwa masista."

Tata Abedi alisema jibu halitatoka siku hiyo. Jina la Mungu libaki, lifunikwe kwa nguo safi popote lisipostahili kufika. Jina la Driss lizimwe. Kisha Kalombo alete maneno anayoweza kuyasoma yeye mwenyewe.

Numbi alieleza kwamba masizi yakishaingia hayatoki. Njia ni kuyafunika kwa meusi zaidi. Alichora kipande cheusi, kipana kama sanduku la kiberiti, na akasikitika sana kuupoteza ule mkia. Kidonda kilivimba kuliko cha kwanza.

Kilipopona, Kalombo alirudi na karatasi ya daftari, Kiswahili chake mwenyewe, kilichofutwa mara nyingi. Maneno yalikuwa machache na kulikuwa na doa la grisi. Tata Abedi hakutaka kuipokea. Alionyesha kwa kidevu mlangoni, alikosimama Mwamini, na Kalombo akampa.

Mwamini alisoma kimya mpaka chini kabisa, kisha akageuza karatasi kuangalia nyuma kama kuna mtu mwingine.

"Kalombo," alisoma sahihi. "Huyu namufahamu."

Akaikunja, akaenda kuchemsha maji ya chai, na Tata Abedi akatuma wajomba wa Kalombo waitwe waje kupokea jibu.