Simu ya Gisèle

Siku ya matanga ya Murhula, mjane wake Emérence alimfukuza Gisèle kwa mwiko wa bugali, mbele ya padri, mpaka barabarani. Murhula mwenyewe alilala kimya ndani ya jeneza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukosa uongo wa kujitetea.

Aliuawa na lori la tajiri mmoja, Papa Lucien. Breki zilikuwa mbovu wiki mbili. Dereva alimwambia tajiri wake, naye akamjibu ashuke polepole. Dereva alishuka mteremko wa Kadutu polepole mpaka lori lilipokataa, likamkuta Murhula, fundi wa kuchomelea, ananunua mandazi. Sasa dereva alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, na Emérence aliingia katika kesi ileile kudai fidia kwa dereva na kwa tajiri wake. Asirans ya lori, yaani bima, ilikuwa imeisha zamani.

Asiposhinda, yeye na watoto watatu watarudi Katana kwa kaka yake, kulala jikoni. Mwenye nyumba alikuwa ameshasema wahame.

"Maman Emérence," alisema Maître Pascaline, avoka wake, wakili wa kumtetea, "jaji hataangalia mume wako alipata ngapi. Ataangalia alileta ngapi nyumbani, na angeleta miaka mingapi. Kile alikula yeye mwenyewe kinatolewa."

"Alileta dola mia moja makumi tano kila mwezi. Kwa mkono wake."

"Karatasi?"

"Maître, weye unaandikisha bwana wako karatasi?"

Pascaline alicheka, kisha akaacha. "Avoka wa Lucien atasema hiyo mia makumi tano ndiyo yote alipata. Atoe bia, atoe chakula, nyumbani kubaki sitini. Nani anaweza kushuhudia alipata zaidi?"

Emérence alimjua. Alimjua vizuri mno.

"Iko deuxième bureau mumoja, bibi yake wa inje," alisema. "Kule Nyangezi. Mavi ile."

Kesho yake alipanda gari kwenda Nyangezi bila mwiko. Gisèle alikuwa anafua. Alipomwona akashika ndoo ya maji ya sabuni.

"Umekuja kumaliza, maman?"

"Weka ndoo chini. Murhula alikuwa anakutumia ngapi?"

"Mia moja, kwa simu, ya mutoto. Meseji zote ziko."

"Mutoto, alimwandikisha?"

"Kwa état civil, kwa kitabu cha vizazi, jina lake kabisa." Gisèle alinyoosha kidevu. "Na mutoto wangu nitamwombea fidia, ukubali ao ukatae."

"Kwani nimekuja kukukataza, mupumbavu? Nimekuja kukubeba mbele ya jaji."

Tribinali ilijaa. Maître Christophe, avoka wa Lucien, alisoma meseji za kwanza kwa sauti ya kuimba: "'Chukua ya maziwa. Usiambie mutu.'" Watu wakacheka. Emérence alitazama viatu vyake.

"Mheshimiwa," alisema Christophe, "mjane anasema mia makumi tano. Mia moja ilienda Nyangezi! Basi nyumbani kulifika makumi tano. Na huyu Gisèle si mke, hana haki."

"Mimi siombi kitu," alisema Gisèle. "Ni mutoto ndiye anaomba."

Emérence aliona jiko la Katana, moshi na yote. Pascaline alisimama polepole, kama mtu anayekwenda kujisaidia.

"Mwenzangu amechoka kusoma. Iko meseji ya mwezi wa tatu."

Jaji alichukua simu ya Gisèle, akaisoma mwenyewe: "'Gisèle, usikasirike. Emérence nimemupa 150 yake, ya nyumba na ya masomo. Ile haiguswi. Kwako imebaki 100. Mimi nitakula deni.'"

Mtu wa nyuma akasema, "Eh, Murhula!" na wote wakaangua kicheko.

Hukumu ilitoka baada ya majuma matatu. Jaji alisema hana kilo ya kupimia maisha ya mtu. Aliangalia kilichofika nyumbani, mia moja makumi tano kamili, umri wa watoto na miaka iliyobaki kabla wajitegemee, akaongeza fidia ya uchungu wa moyo. Alitoa dola elfu tano kwa Emérence, kama mke mwenye cheti, na elfu tatu kwa kila mtoto, wa Nyangezi sawa na wengine. Dereva na Lucien walipe pamoja. Wakikataa, lori litakamatwa na kuuzwa.

"Na breki zake," alisema Pascaline.

Nje, Gisèle alisogea pembeni kama mtu anayengoja kipigo.

"Ile meseji," alisema Emérence, "ulinificha mimi muda wote huu?"

"Nilikuwa na wivu, maman. Alikuwa anakutanguliza weye kila mwezi."

Emérence alimtazama. Mshenzi yule, marehemu, alikuwa na kichwa kumbe, hata kama alikitumia vibaya.

"Nitumie," alisema, akitoa simu yake. "Halafu twende tukule. Unalipa weye."