Kiti Kilichoshika Mwendo

Mjomba alipoteza sauti siku kumi na mbili kabla ya mnada wa shule yetu. Daktari alimchunguza koo, akamkataza kusema hata neno moja kwa wiki tatu. Mtu aliyeishi kwa kunadi mali za watu kwa miaka thelathini aliambiwa anyamaze, na mama yangu, ambaye ni dada yake, akasema hajawahi kusikia nyumba tulivu namna ile tangu azaliwe.

"Sasa nani atanadi?" nikamuuliza.

Mjomba alikuwa amejinunulia ubao mdogo kama ule wa watoto wa chekechea. Akaandika kwa chaki: WEWE.

"Mimi ni mwalimu, Mjomba. Sijawahi kuuza hata karanga."

Akafuta, akaandika: INAONEKANA.

Niliwaza kukataa. Lakini kila asubuhi nilipopita kwenye korido ya ofisi ya mwalimu mkuu niliyaona yale maboksi ishirini na sita ya vitabu, yaliyopangwa ukutani tangu paa la maktaba lilipoachia. Vingine vilikuwa vimelowa. Kulikuwa na kitabu cha hadithi ambacho kurasa zake za mwisho zilikuwa zimegandana, na darasa langu lilikuwa limejitungia miisho saba tofauti. Niliipenda yote saba, lakini nilitaka wausome ule wa kweli. Fundi wa paa alikuwa ametupa bei ya laki tisa, na akasema wazi kwamba ataishikilia hadi Jumamosi jioni tu. Baada ya hapo mabati yangepanda.

Kwa hiyo kila jioni, nyumbani tunakoishi sote, nikakaa na Mjomba kujifunza.

Siku ya kwanza alinikalisha mbele ya meza ya kulia chakula, akanipa sahani ya kunadi. Nikasimama wima, nikasema, "Tuna elfu hamsini. Je, kuna mtu anayeweza kutoa elfu sitini? Vizuri. Sasa tuna elfu sitini. Je, kuna mtu anayeweza kutoa elfu sabini?"

Mjomba akaandika: UNAITA MAHUDHURIO?

Mama alicheka jikoni hata kifuniko kikamponyoka.

Polepole, kwa chaki na kwa kijiko, alinifundisha. Kunadi kuna namba mbili tu, aliandika: ya mkononi na ya kuombwa. Ya mkononi ni ile ambayo mtu ameshaitoa. Ya kuombwa ndiyo inayofuata. Zinapishana kama miguu ya mtu anayetembea: ninayo hamsini, nipe sitini, hamsini ninayo, sitini nipe. Neno "elfu" litaje mwanzoni, kisha liweke mfukoni, kila mtu analijua. Pumua baada ya ya kuombwa, usipumue katikati ya namba, maana msikilizaji atabaki ananing'inia.

Kisha akawa anagonga kikombe kwa kijiko, mimi namfuata. Hapo ndipo nilipogundua ugumu wenyewe. Namba hazilingani urefu. "Mia" ni fupi kama kupepesa jicho, na "mia na thelathini" ina mkia mrefu. Kijiko lakini hakijali. Namba fupi unaijazia kwa "nipe, nani, nipe". Ndefu unaikunja, "mia" inapita nyepesi na uzito unauangusha kwenye "thelathini". Nikikimbia, Mjomba anaziba masikio. Nikisita, anajifanya kusinzia, kidevu kifuani, na kukoroma bila sauti.

Usiku wa tatu mama akaniambia nilikuwa nahesabu usingizini. "Umefika mia nne na kumi," akasema, "na hakuna aliyenunua."

*

Jumamosi asubuhi ukumbi wa chakula wa shule ulijaa. Tuliweka jukwaa la mbao mbele, na mwalimu mkuu akakaa pembeni na daftari lake, akiandika kila bei na jina la aliyeitoa. Mjomba alikaa mstari wa mbele, ubao magotini. Sikuwa nimefikiri jambo moja: kwenye kelele za ukumbi ule, kijiko hakisikiki.

Nilianza na taa ya mezani. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mama mnene mchangamfu ambaye mji mzima humwita Mama Misumari, akanyoosha mkono kwa elfu kumi. Nami, kwa furaha niliyokuwa nayo, nikasema, "Asante sana Mama kwa moyo wako wa upendo kwa elimu ya watoto wetu, ambao ndio tumaini la kesho."

Nilipomaliza sentensi, yule mzee aliyekuwa anataka kutoa kumi na tano alishageuka kuongea na jirani yake. Taa ikaenda kwa kumi.

Blanketi nalo likaenda hivyohivyo. Daktari wa meno, bwana mrefu mwenye utani usiokwisha, akapaza sauti kutoka katikati ya ukumbi: "Mwalimu, tunanunua au tunasubiri vyeti?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Vitu vilikwenda kimoja kimoja, kwa bei za huruma. Ahadi za wazazi na mauzo yote vilipojumlishwa, mwalimu mkuu akaniinulia daftari: laki saba na nusu. Pungufu, laki moja na nusu. Na kilichobaki ni kitu kimoja.

Kilikuwa kiti cha bembea, kazi ya mikono ya mlinzi wetu ambaye zamani alikuwa seremala. Mbao nyekundu, mgongo wa kusuka, miguu iliyopinda kama mwezi mchanga. Watu wawili walikibeba hadi jukwaani. Kabla sijafungua mdomo, Mjomba akainuka, akapanda ngazi taratibu, akakaa kwenye kiti kile kama mtu aliyefika nyumbani kwake.

"Samahani," daktari wa meno akauliza, "mzee yumo kwenye bei?"

Mjomba akainua ubao: MZEE HAUZWI.

Ukumbi ukaangua kicheko. Naye akaanza kubembea. Ubao wa jukwaa ukalia chini ya kiti: kwii, kwaa. Kwii, kwaa. Nilihisi mlio ule ukipanda kwenye nyayo zangu, na nikaelewa kwa nini amepanda.

"Kiti cha bembea, elfu hamsini, nani ananianzia?"

Mama Misumari akanyoosha mkono.

"Ninayo hamsini, nipe sitini. Hamsini ninayo, sitini nipe." Kwii, kwaa. Daktari wa meno akainua mkono. "Sitini ninayo, sabini nipe, sabini nani, sabini nipe." Mama. "Sabini ninayo, themanini nipe."

Sikumshukuru mtu. Nilimwangalia tu aliyetoa, nikamwinamia kidogo kichwa, na kabla kichwa hakijarudi namba ilishakwenda kwa mwenzake. Watu wakaacha kuongea. Mtoto mmoja nyuma akaanza kupiga goti kwa mwendo wetu, kisha benchi zima.

"Daktari, hicho kiti utakikalia saa ngapi na wewe unang'oa meno kutwa?" Mama Misumari akamchokoza.

"Nitawakalisha wagonjwa, Mama. Watasinzia, nisitumie sindano. Mia!"

"Mia ninayo, nipe mia na kumi. Mia, nani, nipe, mia na kumi." Mama. "Mia na kumi ninayo, na ishirini nipe." Daktari. "Na ishirini ninayo, na thelathini nipe." Mama!

Nilikuwa naruka. Ulimi ulikuwa umejua njia, sikuhitaji kufikiri. "Mia na thelathini ninayo, na arobaini nipe, thelathini ninayo, arobaini nipe, arobaini ninayo, hamsini nipe..."

Mama Misumari akainua mkono juu kabisa. Mia na hamsini! Laki moja na nusu, kamili, hata shilingi haikupungua. Ukumbi ukapiga makofi.

Kisha nikasikia kimya miguuni pangu.

Kiti kilikuwa kimesimama. Mjomba ameukanyaga ubao wa jukwaa kwa nyayo zote mbili, ananitazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anasubiri tu, kama alivyonisubiri jioni zile kwenye meza ya chakula.

Nikageuka kwa mwalimu mkuu. Kalamu yake ilikuwa hewani. Hakuwa na jina la kuandika kwenye mia na arobaini.

Kwa sababu hakuna aliyeitoa. Daktari alikuwa ameshusha mkono tangu mia na ishirini. Mwendo ulinichukua, nikaipandisha namba mwenyewe, na mama wa watu akajizidi bei mwenyewe.

Nilifikiri juu ya fundi wa paa. Nilifikiri juu ya zile kurasa zilizogandana. Mama Misumari alikuwa anatabasamu, na pesa anazo, na hakujua. Sekunde ile ilikuwa ndefu kuliko namba yoyote niliyowahi kuikunja.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ikatoka ndogo, "mkono wako ni mia na thelathini. Hakuna aliyekupita. Nimetaja arobaini ambayo haina mwenyewe. Nakuomba radhi."

Mama Misumari akaangalia mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Ina maana," akasema, "nilikuwa nagombana na mimi mwenyewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na nilikuwa nashindwa!"

Alicheka hadi akashika benchi la mbele, na wote wakacheka naye. Chini ya kicheko hicho nikasikia tena: kwii, kwaa.

"Mia na thelathini ninayo, arobaini nipe. Daktari?"

Akatikisa kichwa. Nikakumbuka neno la mwisho aliloniandikia Mjomba usiku wa Ijumaa: wakichoka, fupisha ngazi.

"Thelathini ninayo, thelathini na tano nipe."

Daktari akasita, akamtazama Mama, akainua kidole kimoja. "Kwa ajili ya mwalimu asiyeiba," akasema.

"Na tano ninayo, arobaini nipe." Mama. "Arobaini ninayo, na tano nipe." Daktari. "Arobaini na tano ninayo, hamsini nipe. Na tano, hamsini. Mama, hamsini?"

Mama Misumari akakunja mikono yake kifuani, safari hii yote miwili. "Mwanangu, nimechoka kujipiga."

Nikaita mara ya kwanza. Nikaita mara ya pili, polepole. "Mara ya tatu. Kimekwenda kwa daktari, elfu mia na arobaini na tano."

Makofi yakalia, nami nikapiga pia, huku hesabu ikinichoma. Elfu tano. Tulikuwa tumepungukiwa elfu tano.

Daktari akaja jukwaani na waleti yake, akahesabu noti mbele ya mwalimu mkuu, kisha akasimama mbele ya kiti chake kipya. Mjomba akaendelea kubembea.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba kiti."

Mjomba akaitikia salamu kwa kichwa. Akatoa chaki mfukoni, akaandika bila haraka, kisha akaugeuza ubao ukumbi mzima uone.

KITI: 145. KUSHUKA KWANGU: 5.

Daktari akasoma, akatazama paa, akatazama waleti yake, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "na hiyo ninapigana na nani?"

"Huna mpinzani, Daktari," nikamwambia. "Ninayo mia na arobaini na tano. Nipe hamsini."