Kibali cha Abiria

Breki, dereva wa ofisi, alikuwa na barua mbili za onyo, na sera mpya ya magari ilisema ya tatu ni kufukuzwa kazi. Kosa la kwanza kwenye orodha lilikuwa kubeba mtu asiye mfanyakazi bila kibali cha maandishi cha mkurugenzi. Kwa hiyo mkurugenzi alipompandisha mama mkwe wake kiti cha mbele na kusema, "Washa twende," Breki aliutia ufunguo mfukoni.

"Naomba kibali, bosi."

"Kibali gani? Si mimi huyu hapa?"

"Ni wewe, ila mkaguzi anasoma karatasi, hasomi sura. Na adhabu inamwangukia dereva. Sera umeisaini mwenyewe."

Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikalegea. "Mjazie, mwanangu! Mtoto wa watu asipoteze kazi kwa ajili yangu."

Mkurugenzi akajaza fomu juu ya boneti, jasho likimtiririka. Alipompa Breki, mama aliidaka njiani, akavaa miwani na kusoma kwa sauti kama mtangazaji wa redio: "Mwisho wa safari, stendi ya mabasi. Madhumuni, kumrudisha mama mkwe kwake."

Akashusha miwani, akamtazama mkwewe.

"Wewe baba, si uliniambia tunakwenda kupima macho?"

Bosi akamgeukia Breki kuomba msaada.

"Safari ikiahirishwa," Breki alisema kwa heshima zote, "bosi unaandika sababu hapo chini."

Mama alikuwa ameshafungua mlango, anashuka.