Tao la Vudee

Mama alitaka niipitishe ndege juu ya nyumba yake.

"Kila Jumanne nasikia mngurumo nyuma ya kilima," aliniambia kwenye simu. "Watu wa upande wa pili wanakuona. Mimi niliyekuzaa nasikia tu."

Presha ya macho ilikuwa imekwisha kumla jicho moja, na la pili daktari alikuwa amelitolea taarifa: litafifia kabla ya masika. Mama hakuomba kingine. Alitaka kuniona nikipita angani mara moja, angali anaona.

Mimi ni rubani msaidizi wa ndege inayopeleka madaktari Same. Milima ya Upare haikuachii ushuke moja kwa moja, na wingu likikaa vileleni huoni pa kupenya. Ndiyo maana tunatumia utaratibu tunaouita RNP. Ndege inajua ilipo kwa satelaiti, nayo inafuata njia iliyochorwa na wataalamu: tao lenye kitovu chake na nusu kipenyo chake, linalozunguka bega la mlima wa Vudee na kutunyoosha mbele ya uwanja. Kila upande wa mstari tumepewa kama nusu kilomita. Tukitoka humo, au mfumo ukituonya kuwa hauna tena uhakika wa mahali ulipo, tunaacha kutua na kupaa.

Nusu kilomita. Nyumba ya mama haikufika hata umbali huo kutoka kwenye mstari.

"Nikiishika ndege kwa mkono nikasogea kushoto kidogo," nilimwambia Kapteni Eliwaza tukinywa chai kabla ya safari, "bado nitakuwa ndani ya mipaka."

Eliwaza ni mama wa Kigweno, ameruka miaka mingi kuliko niliyokaa shuleni. Aliweka kikombe chini.

"Sadock, ile nafasi ni ya makosa. Satelaiti ina kosa lake, ndege ina lake, na wewe una lako. Ukiitumia yote kwa mapenzi, kosa likija litakaa wapi?"

"Ni mama yangu, Kapteni."

"Nimesikia. Na nyuma tunabeba watoto wa mama wengine."

Hasira yangu haina adabu. Nikaikunjua ramani ya kutua ili nisimjibu. Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo kiburi kilikuwa kimenificha. Mstari ule hausogei. Iwe jua au wingu, ndege yetu hupita palepale. Kama njia haiwezi kumfuata mama, mama anaweza kuifuata njia.

Nilimpigia dada yangu Beatha. "Mpeleke mama kwenye uwanja wa kanisa, upande wa mteremko. Mketishe atazame kusini, ndege itapita hapo."

"Bodaboda haifiki pale na bibi kizee."

"Basi mbebe."

"Utambeba wewe ukishuka na hilo lidege lako," alisema, akakata simu. Nikajua atampeleka. Kapteni alikuwa amesikia yote.

Siku ile vilele vilikuwa vimefunikwa, ila mteremko wa kanisa ulikuwa wazi chini ya wingu. Tulihakikisha mifumo yote miwili ya kuonyesha mahali inakubaliana, tukapunguza mwendo hadi ule unaoruhusiwa kwenye tao, tukaingia. Otopailoti, mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ikalaza bawa la kushoto. Mikono yangu ilikaa karibu na usukani, haikugusa.

"Upepo unatusukuma kutoka nyuma," alisema Eliwaza.

Niliona. Kasi yetu juu ya ardhi ilipanda, na bawa likazidi kulala. Mshale unaoonyesha tukipotoka njia ulibaki katikati.

"Kwenye mstari," nikasema, kama kazi inavyotaka.

"Kwenye mstari," akajibu. Kisha akaongeza taratibu, "Angalia vyombo, mdogo wangu. Kanisa nimeliona mimi. Kuna gauni la bluu, limesimama."

Sikugeuza kichwa. Tulinyooka, uwanja ukaja mbele yetu, tukatua.

Nilimpigia mama nikiwa bado chini ya bawa, madaktari wakishusha masanduku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuona." Alikuwa anahema. "Beatha anasema ndege siku zote inainama kidogo tu hapa. Leo uliinama sana. Bawa lilinielekea mimi. Uliniinamia, mwanangu?"

Ningeweza kusema ndiyo.

"Ni upepo, mama. Ulikuwa unatusukuma kwa nyuma. Ndege ikikimbia zaidi, lazima iiname zaidi, ama sivyo itatupwa nje ya njia."

Nilisikia kuku wa mchungaji wakigombana.

"Kumbe hukuigusa."

"Sikuigusa."

"Basi na Jumanne ijayo usiiguse," alisema mama. "Mimi nitakuwa hapahapa. Macho yakiisha, Beatha ataniambia imeinama kiasi gani."