Saini ya Ijumaa Jioni

Wewe mama mwenzangu uliye na mtoto aliyeajiriwa dukani, nakuandikia ukiwa bado na nafasi ya kumwambia. Mimi nilichelewa. Binti yangu Beverlyne nusura alale seli Homa Bay kwa sababu ya ndoo za rangi ambazo hakuziona kwa macho yake hata siku moja.

Mimi ni Kemuma, nauza parachichi na ndizi soko la Migori. Bevy alimaliza kidato cha nne, akaandikwa kazi na Mosoti, yule wa hardware. Mosoti ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi hapa Migori na tawi Homa Bay. Akampeleka Bevy kule na mtoto wake mchanga, awe mwenye stoo. Nilifurahi mno. Mosoti ni mtu wa kwetu, ni Msabato kama sisi, Jumamosi tunakaa kanisa moja. Nikasema mtoto ameanguka kwa mikono mizuri.

Sasa kazi yao inaendeshwa hivi. Homa Bay ikiishiwa na kitu, Bevy anapiga simu Migori anaagiza. Mwenye stoo wa Migori, kijana mmoja wa Kuria anaitwa Elkana, anaandika karatasi ya kuhamisha mali, wao huiita transfa. Inaandikwa mara moja inatoka nakala tatu. Inasema misumari katoni ngapi, kufuli ngapi, rangi ndoo ngapi. Elkana anahesabu mali ikipakiwa, anatia saini. Dereva anatia yake. Karatasi moja inabaki kwa kitabu Migori, mbili zinasafiri na lori. Kule Homa Bay Bevy anahesabu kila kitu kikishuka, anaandika alichopokea, anatia saini zote mbili, moja anabaki nayo, nyingine dereva anairudisha Migori. Hesabu ya kutoka na ya kuingia zikilingana, basi, mambo yamekwisha. Zisipolingana, inajulikana siku hiyo hiyo.

Ijumaa ile lori lilifika Homa Bay jua likiwa karibu kuzama. Dereva, Maranga, alikuwa amekwama njiani Rongo na gurudumu. Bevy alikuwa ameshafagia, ameshafunga kabati la pesa, anangoja kwenda chumbani kwake aoge, Sabato, ambayo kwetu huingia Ijumaa jua likizama, imkute safi. Vijana wakashusha mali mbio mbio wakatupa ndani ya stoo. Ilikuwa mistari mingi kwa ile karatasi, bawaba, mabomba, brashi, sijui nini.

Bevy akamwambia dereva, "Maranga, sitaweza kuhesabu yote saa hii. Sabato inaingia."

"Wee Bevy, na mimi nirudi Migori na karatasi haina saini? Elkana ataniuliza mali nimepeleka wapi. Saini tu, dada. Ni mali ya Mosoti inatoka kwa Mosoti inaingia kwa Mosoti. Itaenda wapi?"

"Na kama kuna kitu kimepungua?"

"Utapiga simu Jumapili. Kwani Elkana ni mgeni?"

Mtoto akaangalia nje, akaona giza linakuja. Akaandika "imepokelewa kamili", akatia saini. Mara mbili. Akafunga stoo akaenda kuimba.

Jumapili ndio akafungua ahesabu. Alianza na misumari, sawa. Kufuli, sawa. Mabomba, sawa. Alipofika kwa rangi, karatasi ilisema ndoo ishirini na nne, zile kubwa za lita ishirini, rangi ya krimu. Ndani ya stoo hakukuwa na hata moja. Akatafuta nyuma ya saruji, akatafuta chooni, ndoo kubwa hivyo ingejificha wapi?

Akampigia Mosoti, simu imezimwa. Jumapili Mosoti huwa shambani kwake. Akampigia Elkana.

"Elkana, kaka, rangi haikufika."

Elkana akasema, "Haikufika vipi na mimi niko na karatasi yako hapa? Maranga ameniletea asubuhi. Umeandika kamili, dada yangu. Kwa mkono wako."

"Nilisaini kabla sijahesabu."

"Hiyo mwambie Mosoti."

Akakata. Kumbe alikuwa na haraka ya kumfuata Mosoti shambani amwambie yeye kwanza. Jua likizama Mosoti alikuwa ameshapiga simu Homa Bay, amemwambia Bevy maneno ambayo sitaki kuyaandika, na kwamba Jumatatu saa sita mchana atakuwa kule na polisi.

Bevy alinipigia analia mpaka nikafikiri amefiwa. Nikasikia mtoto wake mchanga naye analia nyuma. Nikamwambia, "Mama, tulia. Uliiba?"

"Sikuiba, mama."

"Uliuza?"

"Sikuuza. Mama, sikiza. Maranga anaapa hakubeba rangi. Anasema hakuona ndoo hata moja ikipakiwa, lakini yeye pia alisaini tu. Kama haikupakiwa, basi iko Migori. Rangi inakaa kile chumba kidogo cha ndani chenye kufuli. Elkana aliandika karatasi kutoka kwa agizo langu, akasahau kupakia. Sasa ameona saini yangu imerudi, amejua hakuna anayejua. Kwa kitabu ile rangi imeshatoka Migori. Akiiuza, hakuna atakayemuuliza. Mama, wahesabu kile chumba kabla hakijaisha!"

Nilimfanya arudie mara mbili ndio nikaelewa. Nilipoelewa sikulala tena. Maana kila ndoo inayotoka kile chumba ilikuwa inampeleka binti yangu jela, na mimi niko kitandani nakodoa macho.

Jumatatu sikufungua meza yangu. Nilienda kwa Mosoti, nikawakuta wanafungua mlango wa duka. Elkana akaniona, akacheka.

"Mama Bevy! Leo unapaka nyumba rangi?"

Sikumjibu. Mosoti alikuwa ndani kwa kiti chake, funguo za gari mkononi, tayari kwa safari. Nikamwambia, "Mzee, naomba jambo moja. Hesabu rangi ya hapa kwanza, ndio uende."

"Mama Bevy, nenda nyumbani. Mimi nakuheshimu."

"Hesabu tu, mzee."

Akachomoa karatasi mbili akaziweka mezani, moja ya kitabu cha Migori na ile iliyorudi. "Unasoma? Hapa ishirini na nne zimetoka. Hapa ishirini na nne zimeingia. Saini ya Elkana, saini ya dereva, saini ya binti yako. Karatasi zinakubaliana. Nihesabu nini tena?"

"Karatasi zinakubaliana, mzee. Rangi je?"

"Mtoto wako ameuza mali yangu na wewe unaniletea maneno."

Nikakaa chini pale mlangoni, kwa ngazi ya duka, watu wanaingia wanaruka miguu yangu. Sikuwa nimepanga. Fundi mmoja akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Nikasema kwa sauti, "Naumwa na mtoto wangu. Mzee Mosoti anataka kumfunga na hataki kuhesabu." Mwanamke wa kanisani kwetu aliyekuja kununua msumari akasimama. Mwingine akasimama. Mosoti akatoka nje akaniinamia, jasho usoni.

"Simama. Unaniaibisha."

"Hesabu, nitasimama. Zikiwa sawa na kitabu, mimi mwenyewe nitapanda gari lako, nitamshika mkono nimpeleke kwa polisi."

Mungu anisamehe, niliyasema hayo. Niliyasema na sikujua ndoo ngapi zimebaki. Kama Elkana angekuwa amemaliza kuzitoa, ningekuwa nimemfunga mtoto kwa mdomo wangu.

Mosoti akageuka. "Elkana, fungua chumba cha rangi."

"Ufunguo, mzee..." Elkana akajipapasa mifuko. "Nimeuacha nyumbani."

Mosoti akamwangalia. Akamwangalia tena. Akaingia ndani, akarudi na ufunguo wake mwenyewe.

Kadi ya hesabu ya rangi ilikuwa imetundikwa ukutani. Zilikuwa thelathini na nne, zikatoka ishirini na nne kwenda Homa Bay, zibaki kumi. Mosoti akaanza kuhesabu kwa sauti, anagusa kila kifuniko. Alipofika kumi mimi nilifumba macho. Nikasikia, "Kumi na moja." Kisha kumi na mbili. Aliendelea mpaka kumi na tisa, zikaisha.

Ndoo tisa zisizo na karatasi. Haziwezi kuwa Homa Bay na ziko hapa.

"Elkana," Mosoti akasema polepole, "hizi zimerudi zenyewe kutoka Homa Bay? Kwa miguu?"

Elkana akasema alisahau. Akasema aliandika karatasi asubuhi, ufunguo wa kile chumba hakuuona mara moja, akapakia ya mbele kwanza, lori likaondoka. Hapo labda alisema kweli. Lakini zile kumi na tano zilizokosekana hakuweza kuzisahau mpaka zikatoka mlangoni. Aliulizwa hizo ziko wapi, akaanza kuomba msamaha.

Nilifikiri yamekwisha. Nilisimama nikafuta sketi, nikamwambia Mosoti asante, Mungu akubariki. Akapiga simu Homa Bay mbele yangu, akamwambia Bevy hakuna polisi. Nilisikia mtoto wangu akipumua. Kisha Mosoti akaendelea.

"Lakini utafute kazi kwingine. Elkana aliandika ametuma na hakutuma. Wewe uliandika umepokea na hukupokea. Ungeandika ukweli, uongo wake ungekufa hiyo Ijumaa."

Nikapiga magoti. Nikamwambia ana mtoto mchanga, nikamwambia ilikuwa kwa ajili ya Sabato. Akasema, "Na mimi ni Msabato, mama. Sabato haikumwambia aandike kamili. Angefunga stoo, aandike bado sijahesabu, atie saini kwa hayo. Ningengoja."

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, maana ni kweli. Maneno mawili tu, bado sijahesabu.

Nilienda Homa Bay kumsaidia kufunga vitu vyake. Alitakiwa kumkabidhi stoo msichana mpya, anaitwa Terry. Walianza kuhesabu Alhamisi, na Ijumaa jua likaanza kushuka hawajamaliza. Ilibaki rafu moja ya bawaba na skrubu. Terry alikuwa amechoka.

"Dada, tusaini tu. Imebaki vitu vidogo. Wewe si unaondoka?"

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya gunia la saruji na mjukuu wangu mgongoni. Bevy aliangalia nje kwa lile giza. Akachukua kalamu, nikadhani anasaini. Akaandika kitu chini ya ile karatasi ya makabidhiano, akamgeuzia Terry asome: mpaka rafu ya nne imehesabiwa, ya tano bado.

"Saini hapo na mimi nisaini," akasema. "Ya tano Jumapili."

"Jumapili? Urudi kutoka Migori kwa sababu ya skrubu?"

"Sitaenda Migori. Tutalala hapa."

Na hakuwa na chumba tena, alikuwa amesharudisha ufunguo kwa mwenye nyumba. Tulilala kwa mama mmoja wa kanisani, watatu kwa godoro moja, na Jumapili asubuhi tukarudi. Alihesabu skrubu za mtu aliyemfukuza, moja moja, mpaka ya mwisho.