Duara la Udongo Tifutifu

Sisimizi hakusahau. Wiki iliyopita binamu yake, Nyundo, alimlia gololi ya bluu aliyopewa na bibi, kisha akamzomea mpaka mlangoni kwao. Leo anaitaka.

Mchezo wenyewe ni hivi. Mnachora duara chini, kila mmoja anaweka gololi tano katikati, halafu kwa zamu mnafyatua gololi ya kupigia kwa kidole gumba, mkiwa nje ya mstari. Utakayoitoa nje ni yako, na unapiga tena. Ila ya kupigia ikikwama ndani, inabaki humo, na mwenzako akiitoa, ameila.

Aliyefungwa ndiye anayechora duara la mechi inayofuata. Sisimizi akalichora nyuma ya bafu, penye udongo tifutifu, tena pana.

"Hili duara au uwanja wa ndege, dada?" Nyundo akacheka. Akaishika ile ya bluu, akafyatua kwa nguvu zote kama kawaida yake. Ikasota udongoni, ikakwama ndani, vidole viwili kabla ya mstari wa upande wa pili.

"Mbona imelala, kaka?"

Kwenye udongo tifutifu gololi haibingiriki, dawa yake ni kuirusha. Sisimizi alikuwa amejifunza hapo hapo siku saba. Akainua mkono kidogo, akafyatua. Yake ikapaa, ikaigonga ya bluu, ikaisukuma nje.

"Nirudishie, nikupe kumi," Nyundo akasema kwa sauti ndogo.

"Kumi si hizo duarani? Kaa pembeni uone zinavyoliwa. Bado zamu yangu."